Ndizi kwanza, kuku baadaye: kuandika skripti ya video ya kuhesabu kwa watoto wadogo

Skripti yangu ya kwanza ya video ya watoto ilikuwa ya kuhesabu kuku. Niliona nimechagua jambo jepesi kabisa. Kuku anajulikana na kila mtoto, awe wa mjini au wa shamba, na kuhesabu hadi kumi ni somo la siku za mwanzo za chekechea. Nikaandika "kuku mmoja, kuku wawili, kuku watatu" mpaka kumi, prodyuza akatengeneza biti, mchoraji akachora kuku wenye rangi za kupendeza, na tukaenda kuwaonyesha watoto wa darasa la awali, wengi wao wa miaka 4 na 5. Hadi tano waliimba kwa sauti moja, wanaruka. Walipofika sita wimbo ukavunjika. Wengine walinyamaza, na waliobaki wakaimba kwa nguvu zote: "Kuku wasita! Kuku wasaba!"

Nilidhani hawajasikia vizuri, nikataka kurudisha video nyuma. Mwalimu wao akanizuia. "Kaka, hawa hawajakosea. Umewapa wawili, watatu, wanne, watano. Wao wameendelea pale ulipowaacha."

Nimeandika video nyingi tangu siku ile, na ukiniuliza wewe unayeanza nikupe nini kwanza, nitakupa hilo la kuku. Marudio yanafundisha kweli, na yanafundisha hata kile ambacho hukukusudia kukifundisha. Mtoto akisikia "wa-" mara nne mfululizo, amejifunza "wa-". Kwa hiyo kabla ya kufikiria biti au katuni, keti na maneno yako uone yanarudia nini hasa.

Tuanze na namba zenyewe, maana ndiyo kazi utakayoombwa mara nyingi. Tunapohesabu bila kutaja kitu tunasema moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba, nane, tisa, kumi. Tukitaja kitu, namba nyingine hubadilika na nyingine hazibadiliki. Viti viwili, miti miwili, watoto wawili, lakini viti sita, miti sita, watoto sita. Sita, saba na tisa zimetoka kwenye Kiarabu na hazipokei kiambishi chochote, na kumi nayo haipokei. Nane inapokea: viti vinane, watoto wanane. Mtu mzima haoni ugumu wowote hapo kwa sababu amezoea. Kwa mtoto wa miaka 4 ni njia iliyonyooka hadi tano, ikapinda kwenye sita na saba, ikarudi kwenye nane, ikapinda tena.

Kuna kundi moja la majina linalomwondolea mtoto mzigo huo wote. Ni majina kama ndizi, taa, nyumba, nguo, ngoma, nyota, kalamu na sahani. Ndizi moja, ndizi mbili, ndizi tatu, ndizi nne, na kuendelea hadi ndizi kumi. Namba zinabaki vilevile kama tunapohesabu kwa vidole. Jina lenyewe nalo halibadiliki, moja ni ndizi na kumi ni ndizi. Mtoto anabaki na kazi moja tu, kujua namba. Ndiyo maana video yangu ya kwanza ya kuhesabu siku hizi ni ya ndizi au taa. Wanyama siwagusi mwanzoni, hata wale ambao majina yao yanafanana na kundi hili, kwa kuwa mbuzi, paka na kuku huhesabiwa kama watu: mbuzi wawili, paka watatu. Neno "ndege" ni la kuogopa zaidi. Ndege mbili zinaruka kutoka uwanjani na ndege wawili wametua mtini. Liache mpaka mtoto akue.

Embe pia nimeliacha baada ya mabishano marefu studio, maana kuna wanaosema embe mbili na kuna wanaosema maembe mawili, na wote wamezoea hivyo tangu nyumbani. Chagua kitu ambacho hakuna atakayebishana nacho.

Sasa mapigo. Tamka namba moja hadi kumi taratibu huku ukihesabu silabi. Kila namba ina silabi mbili, zote kumi. Hata nne ina mbili, n-ne, ile N ya mbele inasimama peke yake kama silabi, na ndiyo inayokazwa. Kwa hiyo "moja, mbili, tatu, nne" ni mizani 8 kamili. Hicho ndicho kipimo cha mshororo wa utenzi, na ndicho kila kipande cha shairi la kawaida la mizani 16, nane kwa nane. Sikio la Mswahili limelelewa humo. Ukiandika mistari ya mizani 8, mtoto anaibeba bila kufundishwa, kwa sababu bibi yake anaposimulia na jirani anapoimba akifua wanaelekea huko huko.

Lakini mizani peke yake haitoshi, na hapa ndipo wageni wengi wa kazi hii wanapoanguka. Maneno yetu hukazwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa machache sana. NDI-zi. Ki-KA-pu. Ukiongeza silabi mwishoni, mkazo unahama: ki-ka-PU-ni. Pigo zito la biti likiangukia silabi isiyokazwa, neno linageuka kuwa geni masikioni mwa mtoto. Mtoto mdogo hajui neno kwa maandishi, analijua kwa umbo lake la sauti tu, na umbo hilo ndilo unalolivunja.

Nitakuonyesha kwa mfano nilioutolea jasho. Katika video ya ndizi nilitaka bibi aje na kikapu, apige hodi, wajukuu wamkaribishe. Mstari wa bibi ulikuja wenyewe: "Hodi, hodi, wajukuu." Mizani 8, na mikazo inaangukia silabi ya kwanza, ya tatu na ya saba, pale pale pigo zito linapokaa. Kwa wajukuu nikaandika "Karibu, bibi, karibu." Hesabu: ni 8 pia. Mwimbaji alipojaribu, ulimi ukakwama. Karibu inakazwa ka-RI-bu, kwa hiyo mkazo wa kwanza unaangukia silabi ya pili, na biti ilikuwa inapiga silabi ya kwanza. Akawa anaimba "KA-ri-bu", neno ambalo hakuna mtu analitamka hivyo. Nikabadilisha kuwa "Njoo, bibi, njoo ndani." Mikazo ikakaa sawasawa, na wimbo ukateleza vizuri. Kisha mama mmoja aliyekuwa studio akasikiliza akasema, "Mjukuu anamwambia bibi yake njoo?" Alikuwa sahihi. Tungewafundisha watoto kuhesabu huku tukiwafundisha kukosa adabu, na hayo marudio nayo yangekaa kichwani. Mstari uliobaki hadi leo ni "Shikamoo, bibi yetu." Shi-ka-MO-o, BI-bi YE-tu. Mizani 8, mkazo mahali pake, na heshima mahali pake. Bibi anajibu "Marahaba, wajukuu", ambao nao unakaa bila kusukumwa.

Kwa hiyo jaribio langu ni hili. Andika mstari, usimame, piga makofi taratibu kwa kasi isiyobadilika, makofi manne kwa mstari, silabi mbili kwa kila kofi. Soma kama unavyozungumza. Kofi likigonga silabi unayoikaza mwenyewe unapozungumza, mstari umekaa. Ukijikuta unavuta neno ili lifike kwenye kofi, futa mstari huo hata kama unaupenda.

Hilo ndilo linalonifanya niwakataze wanaoanza kuchukua muziki wa wimbo wa watoto wa lugha nyingine na kumwaga maneno ya Kiswahili juu yake. Nyimbo nyingi za Kiingereza huishia kwenye silabi nzito. Zetu huishia kwenye silabi nyepesi, kwa sababu neno letu halikazwi mwishoni. Matokeo yake ni "mbiLIII" na "nNEEE", na ile N ya nne inamezwa kabisa. Nimekutana na watoto wanaosema "tatu, ne, tano" kwa sababu wimbo walioukariri haukuacha nafasi ya N. Katika skripti zangu huandika neno hilo "n-ne", kwa kistari, kila linapoonekana, na mwimbaji huambiwa aipe N pigo lake, midomo ikiwa wazi kidogo na meno yakionekana, maana mtoto anatazama mdomo wa mhusika.

Kuhusu vina, usivihangaikie sana. Kiswahili kinatoa vina bila kuombwa, na kwa watoto wa umri huu neno lenyewe likirudi ni kina tosha. Niliwahi kutafuta kina cha "tano" nikaingia kwenye "mfano" na "mkutano". Hakuna mtoto wa miaka 4 anayetumia mkutano. Neno rahisi kwa mtoto halipimwi kwa urefu wake. "Bibi ametuletea" lina neno refu lenye silabi sita na kila mtoto analielewa, kwa sababu analisikia nyumbani kila mtu anaporudi na mfuko. "Idadi" ni fupi na hawalijui. Mimi huwa nasikiliza watoto wakicheza kabla ya kuandika, dakika kumi au kumi na tano, na neno ambalo sikulisikia mdomoni mwao haliingii isipokuwa ndilo ninalolifundisha.

Hii ndiyo skripti ya ndizi ilivyo baada ya kurekebishwa. Kasi ni mapigo 96 kwa dakika. Mstari mmoja ni mapigo 4, kwa hiyo kila mstari unachukua sekunde 2.5, na beti la mistari minne ni sekunde 10. Ukijua hesabu hiyo unaweza kupima video nzima kabla hujampigia mchoraji simu.

Ufunguzi, sekunde 10:

Bibi: Hodi, hodi, wajukuu.
Wajukuu: Shikamoo, bibi yetu.
Bibi: Marahaba, wajukuu.
Wajukuu: Kikapuni mna nini?

Beti la kuhesabu, sekunde 10. Kila ndizi inatoka kikapuni na kulala mezani namba yake inapotajwa:

Ndizi moja, ndizi mbili,
ndizi tatu, ndizi n-ne,
ndizi tano kikapuni,
bibi ametuletea.

Beti hilo hilo mara ya pili, sekunde 10, lakini namba haziimbwi. Waimbaji wanasema "ndizi", wananyamaza, kidole cha bibi kinagusa ndizi, na mtoto anayetazama anajaza mwenyewe. Makofi yanaendelea ili asipotee.

Kisha mzunguko wa kula, unaorudi mara tano:

Nimekula ndizi moja.
Zimebaki ndizi ngapi?
(Mistari miwili ya kimya, kayamba tu.)
Zimebaki ndizi n-ne!

Mara ya pili zinabaki tatu, mara ya tatu mbili. Mara ya nne jibu ni "Imebaki ndizi moja", na mara ya tano ni "Sasa ndizi zimekwisha." Mwisho bibi anarudi na kikapu kingine, na beti la kuhesabu linaimbwa mara moja zaidi kamili. Jumla ni sekunde 102.5, yaani dakika 1 na sekunde 42 na kitu. Sirefushi zaidi ya hapo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, lilishauri watoto wa miaka 2 hadi 4 wasizidi saa 1 mbele ya skrini kwa siku, na afadhali ipungue. Mtoto akitaka kurudia wimbo huu mara tatu, umekula dakika tano za saa hiyo, na hizo nataka ziwe na kazi.

Tazama mambo mawili kwenye mzunguko wa kula. La kwanza, mistari yote inabaki ileile na kinachobadilika ni namba peke yake. Katika rasimu ya awali nilibadilisha pia mlaji. Bibi alikula moja, kaka akala moja, mbuzi akaingia dirishani akala moja. Wachoraji walifurahi sana, na mimi pia. Watoto wakabaki wanasubiri kuona nani anafuata, na ulipofika wakati wa "zimebaki ndizi ngapi?" wakajibu "mbuzi!" Kitu kimoja kibadilike kwa wakati mmoja, nacho kiwe kile unachofundisha. Mlaji sasa ni mjukuu mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Jina lake halitajwi kwenye wimbo, na hapo mwanzo nilikuwa nimemwita Tatu, jina zuri la kwetu pwani, mpaka nilipoona kwenye karatasi "Tatu amekula ndizi mbili". Majina ya aina hiyo yaweke kwenye video nyingine.

La pili ni "imebaki". Ndizi ikiwa moja hatusemi zimebaki. Watoto wengi darasani walisema "zimebaki moja" kwa kuwa walikuwa wameimba zimebaki mara tatu, na hapo nilikumbuka kuku wangu. Lakini hapa nimeamua kuacha badiliko hilo liwepo. Silabi ni zilezile nane na mkazo uko palepale, i-me-BA-ki badala ya zi-me-BA-ki, kwa hiyo mtoto hapotezi mapigo. Mjukuu anashika ndizi ile moja mkononi, anaitazama, anaimba "imebaki" polepole kidogo, na tunaendelea. Hatusimamishi wimbo kueleza. Baada ya kutazama mara kadhaa, wengi huimba "imebaki" wenyewe.

Kimya kile cha mistari miwili kilinichukua muda kukikubali. Awali kilikuwa mstari mmoja, sekunde 2.5, na kwenye karatasi kilionekana kingi. Nilipokaa mbele ya darasa nikawatazama watoto usoni, nikaona wanatazama ndizi, midomo inaanza kufunguka, na papo hapo video inajibu. Walikuwa wanahesabu kweli, moja, mbili, tatu, nne kwa macho, na sisi tuliwapokonya jibu kila mara. Baada ya raundi mbili waliacha kujaribu, wakasubiri kuambiwa. Tukaongeza hadi sekunde 5, na wengi wakawahi. Prodyuza hatapenda, atakuambia pana ombwe, ataingiza zeze au mlio wa kuchekesha. Mkatalie. Kayamba iendelee kushika mapigo, mhusika aelekeze sikio kwa mtazamaji, basi. Ni kitu kilekile anachofanya msimulizi anaposema "Paukwa!" na kungoja "Pakawa!" Asiposubiri, hakuna atakayeitika.

Picha nazo ni sehemu ya skripti, usimwachie mchoraji abuni. Kila mstari wa sauti uandikiwe pembeni kinachoonekana, na muhimu zaidi, kisichoonekana. Katika jaribio la pili la ndizi tulishangaa watoto wakijibu "tano" kila raundi, bila kujali zimeliwa ngapi. Nikaomba mmoja aje mbele anionyeshe. Akagusa ndizi tatu zilizobaki mezani, halafu akagusa maganda mawili. Tatu na mbili, tano. Kwake ganda la ndizi bado ni ndizi, na alihesabu bila kosa hata moja. Sasa kwenye skripti imeandikwa: "Ganda linaingia kwenye ndoo kabla ya neno 'ngapi', na ndoo haionekani ndani." Kwenye mchoro mwingine mchoraji alipamba uwanja kwa mgomba wenye mkungu mnene. Ulikuwa mchoro mzuri mno. Tuliuondoa mkungu, maana watoto walikuwa wameanza kuhesabu ndizi za juu ya mti.

Na ndizi zikae kwenye mstari mmoja, zenye nafasi kati yao, zikielekea upande mmoja. Zikirundikana kama sokoni, mtoto hajui aanzie wapi na moja anaihesabu mara mbili. Ndizi inayoliwa iwe ile ya mwisho upande wa kulia kila mara. Akila ya katikati, pengo linabaki na mtoto anataka kulihesabu pengo.

Kuhusu sauti nitasema jambo moja tu. Watoto wengi wanatazama kwenye simu ya mzazi, na spika ya simu haitoi besi ya maana. Biti iliyojengwa juu ya ngoma nzito inasikika vizuri studio, na kwenye simu mapigo yanatoweka kabisa, mtoto anabaki na sauti ya mwimbaji inayoelea. Mapigo yabebwe na makofi, kayamba au vijiti, vitu vyenye mlio wa juu. Kabla ya kukubali kazi, iweke kwenye simu ya kawaida, uiweke mezani, uende upande wa pili wa chumba. Ukiweza kupiga makofi pamoja nayo kutoka pale, imepita.

Jaribio la watoto lifanye mapema, wakati skripti bado ni karatasi na sauti yako mwenyewe. Mimi huenda na ndizi tano halisi na ndoo, naimba, nakula, nasikiliza. Haigharimu kitu zaidi ya ndizi, na makosa yote niliyokutajia ya maneno ningeyaona hapo kabla mchoraji hajachora hata mstari mmoja. Waimbie mara mbili, kisha mara ya tatu wewe unyamaze na uanzishe makofi tu. Andika kila wanachoimba, hasa pale wanapoimba tofauti na ulivyoandika. Wakikosea mahali pamoja watoto watatu au wanne, mstari ndio wenye kasoro.

Kuku wale sikuwatupa. Niliwarudia baadaye kwa watoto waliokwisha kuzijua namba kwa ndizi, na safari hii nilianza kwa kutazama silabi. Kuku mmoja ni silabi tano, ku-ku-m-MO-ja. Kuku wawili ni tano, watatu tano, wanne tano, watano tano. Kuku sita ni nne. Ndipo nikaelewa kwamba watoto wangu wa kwanza hawakufuata sarufi tu, walifuata pia muziki. Biti ilikuwa na nafasi ya silabi tano, kwenye sita moja ikakosekana, wakaiziba kwa kile walichokuwa nacho mkononi, "wa".

Nafasi ile ilihitaji kitu. Nikaweka kofi.

Kuku m-MO-ja,
kuku wa-WI-li,
kuku wa-TA-tu,
kuku wa-N-ne,
kuku wa-TA-no,
kuku (kofi) SI-ta,
kuku (kofi) SA-ba,
kuku wa-NA-ne,
kuku (kofi) TI-sa,
kuku (kofi) KU-mi.

Mkazo unabaki mahali pamoja toka juu hadi chini, na mkono unafanya kazi ya "wa" pale ambapo "wa" haipo. Niliwapelekea watoto wa darasa lilelile la awali, kundi jipya. Mara ya kwanza wawili au watatu walisema "wasita" huku wakipiga kofi. Mara ya tatu walikuwa kimya kwenye kofi, viganja hewani, wakisubiri sita. Mtoto mmoja wa mbele alifika kwenye nane, akainua mikono kupiga, akaishusha taratibu, akasema "wanane".